Hotpoti iliyorudi imeoshwa

Mwanamke mmoja, fundi cherehani wa Kimara, alikuja ofisini kwangu kuniambia kwamba mumewe ana mwanamke mwingine. Nilipomuuliza amejuaje, hakunitajia simu wala harufu ya manukato. Alinitajia hotpoti. Kwa miaka 11 ya ndoa yao alikuwa akimfungia mumewe chakula cha mchana, na kila jioni hotpoti ilirudi chafu, mchuzi umegandia pembeni. Ghafla ikaanza kurudi imeoshwa na kukaushwa, kifuniko kimefungwa vizuri. "Mume wangu haoshi hata kikombe," aliniambia. "Kuna mtu anamwoshea."

Aliyekuwa anaosha ni mume mwenyewe. Alikuwa ameachishwa kazi miezi mitatu nyuma na hakumwambia mtu. Kila siku alitoka saa kumi na moja alfajiri, akapanda mwendokasi hadi Kivukoni, akashinda kwenye ngazi za ufukweni karibu na soko la samaki la Feri, akala chakula chake peke yake, kisha akaenda kwenye bomba kuosha chombo. Baadaye aliponisimulia alisema alikuwa akikiosha taratibu, kwa sababu siku ilikuwa ndefu na hakuwa na kingine cha kufanya kwa mikono yake. Nimeruhusiwa na wote wawili kuandika habari yao, nikiacha majina na kubadili mambo machache ili wasitambulike.

Nimekaa na wanandoa wengi waliopitia jambo hili, na msimamo wangu ni huu: mwenzako aambiwe kabla hujatoka nyumbani asubuhi kana kwamba unakwenda kazini. Ukilala na habari hiyo usiku mmoja, sikulaumu, maana mtu aliyepokea barua saa tisa alasiri bado hajajua la kusema saa tatu usiku. Usiku ule wa kwanza umenyamaza tu. Lakini ukiamka, ukavaa sare, ukapokea hotpoti na kuaga, umeanza kutenda uongo kwa mwili wako wote, na kesho yake itakubidi uutende tena ili wa jana usijulikane. Hapo ndipo ninapouweka mpaka. Kila mwanamume niliyekutana naye aliyeficha kwa miezi alikuwa amepanga kuficha kwa siku mbili au tatu.

Watu hudhani kinachochosha katika siri ni kazi ya kuificha: kuchunga ulimi, kufuta meseji, kutunga majibu. Mtafiti Michael Slepian wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2017 tafiti kadhaa kuhusu siri za watu, wakakuta jambo ambalo nami naliona ofisini. Nafasi za kuificha siri mbele ya mtu ni chache kuliko tunavyodhani. Kinachomla mtu ni kwamba akili inairudia siri ile akiwa peke yake, akiwa njiani, akiwa anaoga, akiwa anamtazama mtoto anaandika kazi ya shule. Kadiri akili inavyoirudia mara nyingi, ndivyo hali ya mtu inavyozidi kuwa mbaya. Yule bwana wa Kimara hakuulizwa hata mara tano kwa mwezi kuhusu kazi yake. Lakini aliniambia kwamba hata mkewe akicheka jambo la jirani, yeye alikuwa anapiga hesabu kichwani ya siku zilizobaki hadi pesa iishe. Alikuwepo mezani, ila hakuwepo kwenye mazungumzo.

Mke hawezi kuiona hesabu iliyomo kichwani. Anachokiona ni mtu anayejibu kwa neno moja, anayetoka nje kupokea simu, anayekasirishwa na sukari kuisha, anayegeukia ukutani akilala. Rand Conger na wenzake walifuatilia familia za vijijini katika jimbo la Iowa, Marekani, baada ya msukosuko wa kilimo wa miaka ya 1980, wakaonyesha njia ambayo shida ya fedha hupitia hadi kuifikia ndoa. Upungufu wa pesa wenyewe hauiharibu ndoa moja kwa moja. Kwanza unampa mtu msongo, msongo unaongeza ukali na kupunguza upole wake kwa mwenzake, na ni huo ukali na huo upungufu wa upole unaomfanya mwenzake aone ndoa haifai. Sasa chukua njia hiyohiyo, kisha uondoe jambo moja: mwenzako hajui kwamba pesa imepungua. Ukali anaupata wote, sababu hana. Na mtu asiyepewa sababu huitafuta mwenyewe. Katika miji yetu sababu iliyo karibu zaidi ni nyumba ndogo. Ndiyo maana wanawake wengi wanaokuja kwangu na kesi ya mchepuko hunikuta nikiwauliza kwanza swali ambalo hawakulitarajia: mara ya mwisho uliona hati ya mshahara wake lini?

Katika nchi yetu kuna jambo linalorahisisha uficho huu, nalo ni pesa ya kuachishwa. Bwana huyu alikuwa msimamizi wa ghala kwa miaka sita, na kampuni ilipunguza wafanyakazi. Mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 1,040,000, yaani shilingi 40,000 kwa siku ukigawa kwa siku 26 za kazi. Alilipwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Alilipwa kiinua mgongo, ambacho chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Kwake ni siku 42, sawa na shilingi 1,680,000. Alilipwa pia siku 7 za likizo, shilingi 280,000. Jumla shilingi milioni tatu, na baada ya makato akapokea shilingi 2,700,000.

Akaamua kujilipa mshahara. Kila tarehe 27 alimpa mkewe shilingi 700,000 kama kawaida. Kujifanya anakwenda kazini kulimgharimu shilingi 200,000 nyingine kwa mwezi: nauli, vocha, chai, mchango wa harusi ya mfanyakazi mwenzake wa zamani ambao hakuweza kuukataa bila kueleza. Shilingi 900,000 mara tatu ni 2,700,000. Pesa iliyokusudiwa kumvusha mtu kutoka kazi moja hadi nyingine iliisha yote katika kuigiza kwamba hakuna kilichotokea. Laiti wangekaa wawili siku ya kwanza, wangeyapunguza matumizi ya nyumba hadi 450,000 kwa mwezi, na pesa hiyohiyo ingefika miezi sita. Nimewapigia hesabu hiyo wote wawili mezani kwangu, na ndipo mume alipolia.

Yalipotea na mengine. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, una fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyeachishwa kazi si kwa hiari yake na aliyechangia angalau miezi 18: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Kwake ingekuwa kama shilingi 346,000 kila mwezi. Hakwenda kulifuatilia, kwa sababu barua ya kuachishwa alikuwa ameibandika kwa gundi nyuma ya droo ya kabati, na aliogopa kuitoa nyumbani mkewe akiwepo, naye mkewe hushonea nyumbani mchana kutwa. Pia alikuwa na shaka kwamba taratibu za kupunguza wafanyakazi hazikufuatwa. Mwenye malalamiko ya kuachishwa isivyo halali ana siku 30 za kuyapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo 30 alizimaliza kwenye ngazi za Kivukoni. Siwezi kusema angeshinda. Nasema hakupata hata mtu wa kumuuliza, "Umekwenda Tume?"

Mwezi wa nne wa siri akakopa kwa simu, mikopo hii ambayo watu wameipa jina la kausha damu, na kwa nini wameiita hivyo anajua kila aliyewahi kuchelewesha rejesho. Aliporuhusu ile programu isome majina yaliyomo kwenye simu yake, hakufikiria wa kwanza kupigiwa atakuwa nani. Alipigiwa mke, saa nne asubuhi, mguu ukiwa kwenye pedeli ya cherehani, na kijana wa kudai madeni ndiye aliyemwambia kwamba mumewe "anasema hana kazi toka mwezi wa tatu".

Sasa nizijibu hoja ninazopewa, maana wanaoficha wengi wao wana mapenzi ya kweli nyumbani kwao.

Hoja ya kwanza ni kwamba unamlinda. "Sikutaka apate presha." Naielewa, na kama mke ni mjamzito au mgonjwa, naielewa zaidi. Lakini tazama mke huyu alivyolindwa. Mwezi wa pili wa siri, akijua mshahara upo, alikopa shilingi 1,500,000 kwenye kikoba chake akanunua mashine ya ovaloki, rejesho likiwa shilingi 165,000 kwa mwezi. Akamdhamini pia mwenzake kikobani. Akalipia fomu ya shule ya bweni ya mtoto mkubwa. Mambo yote matatu mume aliyaona yakitendeka na kila mara akasema, "Sawa, mama." Mwenzako anapoamua mambo ya fedha kwa habari uliyojua si kweli, hujamkinga na presha, umeiahirisha na kumwongezea deni juu yake. Kama hali ya afya yake inakutia hofu, mwambie mbele ya dada yake au mkunga anayemhudumia, lakini mwambie.

Hoja ya pili ndiyo inayoua wengi: nitamwambia nikishapata nyingine. Inaonekana ya busara kwa sababu inabeba habari mbaya na dawa yake pamoja. Tatizo ni jinsi kazi zinavyopatikana hapa kwetu. Nyingi hazipatikani kwa tangazo, zinapatikana kwa mtu kumtajia mtu. Anayeficha hawezi kumwambia shemeji yake aliyeko bandarini, wala jirani mwenye lori, wala mtu wa kanisani au msikitini, kwa kuwa wote hao wataifikisha habari nyumbani kabla ya magharibi. Amejifungia milango ileile ambayo kazi ingepitia. Huyu bwana alipata kibarua cha kusimamia stoo ya vifaa vya ujenzi huko Mbezi wiki ya tano baada ya siri kufichuka, na aliyempeleka ni mteja wa mkewe aliyekuja kupima gauni.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: pesa ikiisha, mwanamke anaondoka. Wapo wanaoondoka, nisiseme uongo. Ila katika mashauri niliyoyasikiliza, malalamiko yanayosikika mwanzoni ni juu ya pesa, na yanayobaki mwezi wa sita ni juu ya kufanywa mjinga. Mke huyu alipokaa na mumewe mbele yangu hakuuliza habari za shilingi 2,700,000. Alimwambia, "Kazi kila mtu anaachishwa. Niambie hiyo miezi minne nilikuwa nafungia chakula nani."

Na isidhaniwe ni maradhi ya wanaume peke yao. Wanawake huficha kwa sababu nyingine. Mwalimu wa shule binafsi niliyewahi kumshauri alificha wiki saba kwa kuwa mshahara wake ndio uliokuwa ukimtunza mama yake kijijini, na alijua mume akijua, shilingi 100,000 ya mama itakuwa ya kwanza kufutwa. Kwake dawa haikuwa ushujaa wa kusema tu. Ilibidi aingie kwenye mazungumzo akiwa amejua tayari ni kipi ataomba kisiguswe.

Basi inasemwaje? Chagua wakati ambao hakuna atakayetoka kwa saa moja hivi, watoto wakiwa wamelala au wako nje, na nyote mmekula. Usiseme taa zikiwa zimezimwa, maana mwenzako anahitaji kukuona uso. Usitume kwa Watsapu. Sentensi yako ya kwanza iwe na jambo lenyewe: "Mke wangu, jana nimeachishwa kazi. Barua hii hapa." Kisha umpe barua, unyamaze. Wengi wanaharibu kwa kuanza na historia ya bosi mpya, uonevu, hali ya uchumi, na mwenzao anakaa dakika kumi akidhani anaambiwa habari ya msiba au ya mtoto wa nje. Wengine wanamaliza kwa "usijali, nina mipango". Kama mpango haupo, usiutunge. Ahadi ya usiku huo itahesabiwa kama siri nyingine baada ya mwezi.

Usiku huo usiwe wa hesabu. Hesabu iwe kesho yake, mchana, kwa daftari, na yaandikwe mambo matatu tu: kiasi kitakachoingia na tarehe yake, kiasi ambacho nyumba inakula kwa mwezi ukiwemo mchezo na kikoba, na madeni yote. Kwenye madeni ndipo watu hujikwaa. Mtu anataja la benki, anaacha la simu na la rafiki. Sikiliza, ukisema, sema yote kwa pamoja. Mke anayegundua deni la pili wiki mbili baadaye anarudi nyuma kuliko alipokuwa siku ya kwanza, kwa sababu sasa hata ule ukweli uliomwambia anauchunguza upya. Kama umefikiria kuweka nyumba rehani, jua pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakukataza kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzako, kwa hiyo hata njia hiyo inaanza kwa kumwambia.

Jambo lingine la kukubaliana ni nani mwingine atajua, na nani atamwambia. Hapa mila zetu zina mitego. Mume akimwambia mama yake kabla ya mkewe, mke ataisikia kwa wifi, na hilo huchukua muda mrefu kupona. Watoto wakubwa waambiwe kwa maneno mafupi, maana wameshaona nyama imepungua. Mdogo wako unayemlipia chuo aambiwe mapema, na wewe mwenyewe.

Kwa unayepokea habari hiyo: una haki ya kukasirika, na sikuombi utabasamu. Naomba kimoja. Usiku wa kwanza usiulize "sasa tutakula nini?" Si swali baya, lakini usiku huo halina jibu, na mtu asiye na jibu hujifunza kwamba kusema kuna adhabu. Uliza "barua umeipata lini?" Ni swali analoweza kulijibu, na jibu lake litakuambia kama amekuja mapema au amechelewa.

Ambaye ameshachelewa asisubiri sikukuu wala mshahara wa kubuni wa mwisho. Aseme leo, aitaje tarehe kamili ya barua, aseme alishinda wapi kila siku, aiweke simu mezani ikiwa wazi. Ajiandae kuulizwa swali lilelile kwa wiki nyingi. Mwenzake hafanyi hivyo kumtesa, bali anazipitia upya siku zile, moja moja, kuzipa maana yake halisi. Kama nyumbani kuna kupigana, au kuna vitisho, asiseme akiwa peke yake: amwite mshenga, mzee wa familia, au aende kwa afisa ustawi wa jamii. Na kama katika siku zile za kukaa ufukweni amewahi kufikiria kuikatisha roho yake, aende hospitali kwanza, siku hiyohiyo, akiwa na mtu wa kumsindikiza.

Wale wa Kimara bado wako pamoja. Kila Jumapili jioni wanakaa na daftari na kusoma meseji za miamala ya simu zote mbili, ya mke na ya mume, kwa sauti. Mume aliniuliza kama zoezi hilo litaisha lini, nikamwambia mkewe ndiye atakayesema. Wiki chache zilizopita mke alinipigia kunieleza mambo ya mashine yake ya ovaloki, ambayo sasa imebakiza marejesho mawili. Karibu ya kukata simu akasema hotpoti zimeanza tena kurudi chafu kutoka Mbezi, na kwamba ya juzi alikaa nayo kitako jikoni, akaiosha yeye mwenyewe.